Mashine ya oksijeni nyumbani: namba ikishuka, taa ikiwaka, na moto ukiwa karibu

Simu zinazotufikia kutoka nyumba zenye mashine ya oksijeni ni za aina mbili. Ya kwanza huja mapema, mara nyingi usiku: "Sista, namba imeshuka, tuongeze?" Ya pili huja imechelewa: "Sista, mpira umeungua." Nimepanga maelezo haya kwa kufuata dalili ambazo watu wanazipigia simu, nikianza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi. Yanamhusu mtu mzima anayetumia mashine inayochuja oksijeni kutoka kwenye hewa ya chumba. Mtoto ana viwango vyake, msimpimie kwa haya.

Kwanza ijue namba ya mgonjwa wako

Si kila anayehema kwa shida anahitaji oksijeni. Anayehitaji ni yule ambaye damu yake ina upungufu wa kudumu: akiwa ametulia, hana homa wala shambulio jipya la kifua, na bado kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kinasoma asilimia 88 au chini yake. Daktari hupima tena baada ya wiki kadhaa kabla ya kuamua, na panapowezekana huchukua damu ya mshipa wa ateri. Moyo ukiwa umeshaelemewa, kwa mfano miguu imevimba, oksijeni huweza kuanzishwa hata namba ikiwa juu kidogo ya hapo. Kwetu huku wengi ni watu ambao mapafu yaliharibiwa na moshi wa kuni na mkaa, sigara, au kifua kikuu kilichokwisha kupona lakini kikaacha makovu.

Tafiti mbili za 1980 na 1981 zilionyesha kwamba wagonjwa wa namna hii huishi muda mrefu zaidi wakitumia oksijeni kwa angalau saa 15 kila siku, usingizi ukiwemo. Nusu saa asubuhi na nusu saa jioni haimpi faida hiyo. Kwa upande mwingine, utafiti wa Marekani wa 2016 uliochukua wagonjwa 738 wenye upungufu wa wastani haukuona kwamba oksijeni iliwaongezea maisha. Kwa hiyo kama mzee wako anasoma 94 na bado anahema, msikimbilie kukopa mashine. Atafutiwe sababu nyingine, na feni ndogo inayompuliza usoni huenda ikampa nafuu zaidi.

Lengo nalo si 100. Mwenye ugonjwa sugu wa njia za hewa uliotokana na sigara au moshi kwa kawaida hupewa lengo la 88 hadi 92. Mwingine ambaye mwili wake hauna shida ya kutoa hewa chafu hulengwa juu zaidi, karibu na 92 hadi 96. Muulize daktari lengo la mgonjwa wako, lita ngapi kwa dakika na saa ngapi kwa siku, kisha uandike kwenye karatasi na kuibandika juu ya mashine. Maelezo yote yanayofuata yanaitegemea karatasi hiyo.

Namba imeshuka chini ya lengo

Chukua mama mmoja mwenye miaka sitini na kitu, lita 2 kwa dakika, lengo 88 hadi 92. Asubuhi alisoma 90. Saa moja usiku binti yake anapiga simu: imesoma 83, na ameshapandisha mashine hadi lita 4 bila mabadiliko. Nilimuuliza kwanza swali ambalo huwauliza wote: anaongea vipi? Alikuwa anamaliza sentensi, midomo haikuwa ya bluu, hajachanganyikiwa. Basi tulikuwa na muda wa kukagua.

Sababu ya kwanza ya namba mbaya ni kipimo chenyewe. Mikono ikiwa baridi, kidole kikitikisika, betri ikichoka, au kucha zikiwa na rangi, kipimo hubahatisha. Mama huyu alikuwa ametoka kwenye harusi ya mjukuu, na vidole vyake vilikuwa na piko jeusi mpaka kwenye kucha. Hina nyekundu haisumbui sana, piko jeusi linasumbua. Tukahamia kidole gumba, ambacho hakikupakwa, baada ya kukipasha moto kwa kukisugua. Mkono ukatulia juu ya mto kwa dakika nzima. Ikasoma 86. Ili kujua kama usomaji huo unaaminika, hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono na uyalinganishe na mapigo yanayoonyeshwa kwenye kioo. Yakipishana sana, hata hiyo namba ya oksijeni usiiamini.

Kuna upande wa pili wa jambo hili. Kwenye ngozi nyeusi vipimo hivi huweza kusoma juu kuliko hali halisi. Kwa hiyo mgonjwa anayesoma 91 lakini anaonekana vibaya, amini macho yako.

Sababu ya pili ni njia ya hewa kati ya mashine na pua. Chovya ncha za mpira wa puani kwenye glasi ya maji safi. Mashine ikiwa imewekwa lita 2, mapovu yanatakiwa kutoka mengi na bila kukatika. Yakiwa hafifu, rudi nyuma hatua kwa hatua: mpira umekaliwa na mguu wa kiti, umekunjwa chini ya godoro, umejaa matone ya maji, au umeunganishwa vipande vingi. Wengi hurefusha mpira ili mgonjwa afike chooni na barazani. Ukipita mita 15, nguvu ya hewa hupungua. Kisha kagua chupa ya maji ambamo oksijeni hupita ili ipate unyevu, kwa maana hapo ndipo tatizo la mama huyu lilipokuwa. Binti alikuwa amebadilisha maji jioni na kufunga kifuniko kikiwa kimekaa upande, kwa hiyo oksijeni ilikuwa ikivuja pembeni. Ukiziba ncha ya mpira kwa kidole, chupa iliyofungwa vizuri hupiga mluzi au kutoa mlio wa hewa inayotafuta pa kutokea. Chupa inayovuja hunyamaza.

Tulifunga kifuniko upya, tukarudisha lita 2, tukasubiri dakika kumi. Ikasoma 90. Ile lita 4 haikuwa imemsaidia chochote, na laiti uvujaji ungejiziba wenyewe katikati ya usiku, angelala na dozi mara mbili ya aliyoandikiwa.

Sababu ya tatu ni jinsi lita zinavyosomwa. Kigoroli ndani ya kile kibomba cha lita kwenye mashine kinasomwa katikati yake, jicho likiwa usawa nacho. Ukisimama na kutazama kutoka juu, utaweka lita 1 na nusu ukidhani ni 2.

Kama kipimo kiko sawa, mpira uko sawa, na namba bado iko chini ya lengo baada ya robo saa, basi tatizo liko kwa mgonjwa au ndani ya mashine. Homa, kikohozi kipya, makohozi yaliyobadilika rangi au miguu iliyovimba ghafla vinataka hospitali siku hiyo hiyo. Ikiwa bado chini ya 85 baada ya kuhakiki kipimo, au hawezi kumaliza sentensi, au midomo ni ya bluu, au kifua kinambana, au anaongea maneno yasiyoeleweka, acheni ukaguzi. Mwekeni kwenye mtungi wa oksijeni wa akiba na muondoke.

Mashine inalia, au taa imegeuka njano au nyekundu

Ukiwasha mashine, dakika tano hadi kumi za mwanzo taa inaweza kuwa ya njano wakati oksijeni inapanda kufikia kiwango. Hilo ni la kawaida. Isiyo ya kawaida ni njano inayobaki au nyekundu. Mashine nzima hutoa hewa yenye oksijeni kati ya asilimia 90 na 96. Nyingi hupiga kengele inaposhuka chini ya 82 au 85, kutegemea aina.

Kinachoongoza ni filta chafu. Kwenye nyumba nyingi mashine huishia karibu na mlango wa jiko, kwa sababu soketi iko hapo. Kwa mama wa mfano wetu, sponji ya nyuma ilikuwa na utando wa masizi na mafuta ya kukaangia hata ukiigusa inanata. Sponji hiyo ioshwe kila wiki kwa maji ya vuguvugu na sabuni, isuuzwe, ikaushwe kabisa kivulini ndipo irudishwe. Usiirudishe mbichi. Ndani ya mashine kuna chembechembe zinazonasa naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite, na zikinyonya unyevu haziponi. Ndiyo sababu pia mvuke wa sufuria ni adui yake, na mashine iliyokaa miezi stoo huku pwani huweza kuwaka vizuri kabisa lakini ikatoa hewa hafifu.

Baada ya filta, angalia nafasi. Iache sentimita 30 kutoka ukutani na kwenye pazia. Mashine iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi ili ipendeze hupata joto na kujizima. Halafu angalia lita: mashine ya lita 5 ikilazimishwa kupita 5, oksijeni inayotoka hupungua ubora.

Umeme nao hulaumiwa kidogo kuliko inavyostahili. Volti ikishuka sana jioni mtaa mzima ukiwa umewasha, kompresa hushindwa. Stabilaiza inasaidia. Mashine ya lita 5 hula kama wati 350, kwa hiyo isichangie ekstensheni moja na friji au pasi. Umeme ukikatika, kengele italia na mgonjwa ahamie kwenye mtungi. Jueni mtungi utadumu kwa muda gani kabla ya siku hiyo: gawanya lita zilizomo kwa lita za kwa dakika. Mtungi wa lita 1,360 kwa lita 2 kwa dakika unatoa dakika 680, yaani saa 11 na dakika 20. Geji ikiwa nusu, ni nusu ya hapo.

Sponji ikiwa safi, nafasi ipo, umeme uko sawa na taa bado haijawa ya kijani baada ya nusu saa, mwite fundi wa vifaa tiba. Msifungue boksi. Fundi wa redio wa mtaani ni hodari, lakini hana kifaa cha kupima ubora wa oksijeni inayotoka, na bila hicho hawezi kujua kama ametengeneza au ameharibu.

Mgonjwa amesinzia au kichwa kinamuuma, na namba ni nzuri

Hili linanitisha kuliko namba iliyoshuka, kwa kuwa familia hutulia. Kuna sababu mbili, na zote mbili zinajificha nyuma ya kipimo cha kidole.

Ya kwanza ni oksijeni iliyozidi kwa mgonjwa ambaye mapafu yake hayatoi hewa chafu vizuri. Namba inapanda 97, kila mtu anafurahi, huku hewa chafu ikijikusanya kwenye damu. Anaamka na kichwa kizito, uso umekuwa mwekundu au una joto, anasinzia katikati ya mazungumzo, mikono ikinyooshwa inapigapiga kama kuaga. Tazama kigoroli. Kama kuna mtu amepandisha, rudisha kwenye kiwango cha karatasi. Usizime kabisa, kwa sababu oksijeni inaweza kuporomoka kuliko ilivyokuwa mwanzo. Akiwa haamki vizuri au amechanganyikiwa, ni gari na hospitali, ukiwa na karatasi yako mkononi ili waone lengo lake.

Ya pili ni jiko la mkaa. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo hushika damu mahali oksijeni ilipotakiwa kushika. Kipimo cha kidole hakiwezi kutofautisha viwili hivyo. Kitasoma 96 au 98 huku mtu akidhurika kwa sumu. Hali hiyo hiyo, kwa kiasi kidogo, iko kwa anayevuta sigara: namba yake huwa juu kuliko oksijeni aliyonayo kweli. Dalili inayoifichua ni kwamba kichwa kinawauma na wengine wa nyumbani, na wakitoka nje wanapata nafuu. Fungueni milango, mtoeni mgonjwa, jiko litoke nje, na muende hospitali mkisema wazi kwamba kulikuwa na mkaa ndani. Mhudumu asipoambiwa ataona 98 na kuwarudisha. Mkaa unaoonekana umetulia, ambao hautoi moshi tena na watu huuingiza chumbani msimu wa baridi, ndio huo huo wa hatari.

Pua kavu, zinachubuka au kutoka damu

Mara nyingi chupa haina maji. Weka maji yaliyochemshwa yakapoa, au yale ya dukani yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo, badilisha kila siku, na osha chupa. Usipake mafuta ya mgando wala ya nazi puani na mdomoni: mafuta na oksijeni nyingi hushika moto kwa urahisi, na yapo hapo hapo hewa inapotokea. Tumia jeli ya maji. Damu isiyokoma baada ya dakika 15 za kubana pua ni ya hospitali.

Mpira umebadilika rangi, umenyauka, au nguo ina alama ya kuungua

Ukiona ncha ya mpira imegeuka kahawia, nywele za puani au sharubu zimeungua, au khanga ina kitundu cheusi, usisubiri maelezo. Moto umeshafika mara moja na ukaondoka.

Oksijeni yenyewe haiungui. Inafanya vingine viungue haraka na kwa joto kali. Inayotoka puani haipotei yote: inajikusanya kwenye nywele, ndevu, khanga, shuka na godoro, na inabaki humo kwa muda baada ya mashine kuzimwa. Ndiyo maana cheche ambayo siku nyingine ingezimika kwenye kitambaa, leo inakilipua kitambaa chote.

Chanzo kinachoongoza ni sigara. Wengine huvua mpira, wanauweka mapajani huku mashine inaendelea, na wanavuta. Mapaja ndiyo yanayoungua. Kutoa mpira usoni hakutoshi, na sigara ya umeme au shisha si ruhusa, kwa kuwa zote zina kitu kinachopata moto. Nasema bila kuzunguka: mgonjwa anayeendelea kuvuta ndani ya nyumba, na familia haiwezi kumzuia, mwambieni daktari. Kuna wakati uamuzi sahihi ni kuiondoa mashine, kwa maana hatari inawahusu na watoto wanaolala chumba cha pili.

Kinachofuata ni upishi. Hapa watu hawakubaliani nami, hasa wazee wanaoona aibu kukaa mkwe akipika. Umbali ni angalau mita 3 kutoka moto wowote wa wazi: jiko la mkaa, kuni, la gesi, la mafuta ya taa. Pima kwa hatua, sakafuni, mara moja, na uweke alama kwa chaki. Kama nyumba ni chumba kimoja, kupika kuhamie nje, barazani au uani, na mgonjwa abaki ndani. Mashine pia ibaki upande wa mgonjwa, kamwe si jikoni.

Kama hakuna mwingine wa kupika, ongea na daktari mpange ratiba. Aliyeandikiwa saa 15 ana saa ambazo anaruhusiwa kuwa bila oksijeni, na kupika kuingie humo. Azime mashine, avue mpira, abadilishe khanga, akae mahali penye upepo dakika 20 hadi 30, ndipo asogee jikoni. Aliyeandikiwa saa 24 asipike. Na hata huyo wa kwanza, moshi unarudi kumchimba mapafu yale yale, kwa hiyo jiko la umeme likipatikana ni afadhali, japo nalo lisiguswe akiwa na mpira puani.

Kisha kuna mioto midogo ambayo hakuna anayeihesabu kuwa moto. Chetezo cha udi na ubani kinachopitishwa chumbani mwa mgonjwa Alhamisi jioni. Mshumaa au koroboi umeme ukikatika, saa ambayo mgonjwa yuko kwenye mtungi, tumieni tochi. Dawa ya mbu ya kuchoma chini ya kitanda, tumieni chandarua. Keki ya siku ya kuzaliwa.

Tabia moja hupunguza hatari kuliko zote: akivua mpira, mashine izimwe. Mpira unaoachwa kitandani ukiwa unapuliza huijaza godoro oksijeni kimya kimya. Muulize pia aliyewapa mashine kama ana kile kifaa kidogo kinachounganishwa katikati ya mpira ili kuzuia moto usisafiri hadi kwenye mashine. Kama anacho, kiwekwe karibu na mgonjwa, kikielekea upande unaoonyeshwa na mshale wake.

Ikiwa moto umeshika: toa mpira usoni, zima mashine ukiifikia bila kupita kwenye moto, mtoe mtu nje, piga 114 kwa Zimamoto ukiwa Tanzania. Usirudi kuokoa mashine. Palipoungua pamwagiwe maji ya bomba yasiyo ya barafu kwa dakika 20, bila dawa ya meno, asali wala yai. Na kuungua usoni, hata kukiwa kadogo na mgonjwa anasema si kitu, ni kwenda hospitali usiku huo huo: sauti iliyokwaruza, masizi puani au koo linalouma vinaonyesha kwamba moto umeingia ndani, na koo huweza kuvimba na kuziba saa kadhaa baadaye.